Picha ya Meza ya Saba

Mwalimu Mutunga wa kijiji cha Tulia hakuwa mtu mbaya. Tuseme hivyo mapema, kwa sababu huko mbele utatamani kusema vingine. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, hakumwibia mtu, hakulewa, na kanisani alikaa benchi ya pili kutoka mbele. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: aliamini kwamba mtu akishika sheria, hawezi kukosea.

Chesi alifunzwa na mmishonari mmoja aliyempa ubao wa kukunjwa na kete ndani ya mkebe wa biskuti. Naye akawafunza wanafunzi wake, wanafunzi wakawa walimu, na kufikia miaka ya themanini kulikuwa na chama kizima cha walimu wa Kitui wanaocheza. Kila Novemba, shule zikikaribia kufungwa, walishindana na walimu wa Mbooni kugombea kikombe. Mutunga hakucheza tena. Alikuwa mwamuzi, na kalamu yake ya wino mwekundu iliogopwa kuliko ya mkaguzi wa shule.

Saa za chesi hawakuwa nazo. Walikuwa na desturi. Mchezaji akishasogeza kete, anainuka, ananyoosha miguu, pengine anakwenda kuchukua chai. Anayebaki kitini ndiye mwenye zamu. Mwamuzi akisimama mlangoni alitazama viti tu, akajua meza ipi inamngoja nani. Mutunga aliipenda sana desturi hiyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeianzisha. "Kiti hakidanganyi," alikuwa akisema. Na juu yake kulikuwa na sheria: mwenye zamu haondoki ukumbini kabla ya kucheza. Ambaye si zamu yake anaweza kuomba ruhusa akaenda zake, na mchezo ambao haujaisha unaandikwa ulivyo na kupelekwa Nairobi kwa mtu wa kuamua.

Mwaka wa 1987 walikutana Kikima, katika ukumbi wa kanisa, meza kumi. Meza ya saba alikaa Mbuvi, aliyekuwa mwanafunzi wa Mutunga tangu darasa la sita, akicheza na kete nyeupe. Mbele yake, kwa kete nyeusi, alikuwa Kang'ethe, mwalimu kutoka Murang'a aliyehamishiwa Mbooni.

Saa tisa kasoro kidogo Mbuvi aliinua mkono kuomba ruhusa. Basi la Machakos lilikuwa linaondoka saa tisa kamili, na nyumbani Tulia mtoto wake Ndila alikuwa na surua. Mutunga alitazama kutoka mlangoni. Mbuvi alikuwa kitini. Kiti cha Kang'ethe kilikuwa wazi.

"Ni zamu yako," akasema. "Cheza kwanza."

"Lakini mwalimu—" Mbuvi akaanza kuinuka.

Mutunga aliinua kidole, kile kile cha darasani. "Mbuvi. Keti."

Akaketi. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na mtoto, akaketi kama mtoto wa darasa la sita. Mutunga akaenda meza ya pili kulikokuwa na ubishi, na kengele ilipolia saa kumi, Mbuvi alikimbia nje bila kuaga mtu. Basi lilikuwa limeenda zamani. Akapata pikapu saa kumi na moja, mvua ikiwa imeanza. Lile basi la saa tisa lilivuka mto maji yakifika vifundoni. Pikapu ilikuta maji yamejaa na dereva akajaribu. Watu tisa walisombwa. Mbuvi alipatikana siku ya tatu, mbali sana chini, na mfuko wake wenye karatasi ya mchezo haukupatikana kabisa.

Ule mchezo nao ukapotea vivyo hivyo. Mutunga alitaka kunywa chai kwanza, kisha auandike ubao ulivyokaa, lakini akina mama wa kanisa walikuwa wanangoja ukumbi kwa maombi ya jioni. Wakamwaga kete zote kwenye mkebe, wakapanguza meza. Karatasi ya Kang'ethe ilikuwa na mapengo ya kutosha kupitisha ng'ombe. Kikombe kikakaa kabatini bila mwenyewe, Kitui wakipungukiwa mchezo mmoja tu kukipata.

Mazishini, mjane, Nthenya, alimwuliza Mutunga swali moja tu. "Mwalimu, wengine walitoka mapema. Yeye alikalia nini?"

"Ilikuwa zamu yake, Mama Ndila," Mutunga akajibu. "Sheria ni sheria."

Alisema kwa upole, akiwa na uhakika, na usiku huo alilala vizuri.

Nthenya hakulala hivyo. Kumbe ilikuwa zamu ya mumewe, na angeweza kusogeza kijiti kimoja akaja nyumbani, lakini alikaa akifikiri huku mtoto anaungua na homa. Ndila alipona. Nthenya alimlea, akapanda pojo, akauza kuku, na kwa miezi kumi alimkasirikia maiti. Watu walidhani ni huzuni. Ilikuwa hasira, na hasira kwa mtu aliyekufa haina mahali pa kwenda.

Septemba iliyofuata alikuja nyumbani kwa Mutunga mchana, jua likiwa kali, na bahasha mkononi. Muturi, mpiga picha wa pale Kikima, alikuwa amepekua filamu zake za zamani akapata picha moja ya Mbuvi. Alikuwa amempa mwalimu mmoja ailete Tulia. Mbuvi alionekana vizuri, ameinamia ubao peke yake, kidevu kwenye ngumi, na nyuma yake ukutani saa ya kanisa.

"Nataka uniambie vile mchezo ulikuwa," Nthenya akasema. Hakukaa. "Kama alikuwa anashinda, ama anashindwa. Mtu anajua angalau kitu gani ilimkalisha. Mimi chesi sijui. Wewe unajua."

"Nitaiandika vizuri na kuituma Nairobi," Mutunga akasema. "Jibu likija, nitakuletea."

"Sitaki ya Nairobi. Nataka yako. Nitakuja Jumamosi."

Mutunga alifurahi, na ni aibu kusema, lakini alifurahi. Alikuwa na barua ya Kang'ethe kwenye droo tangu Januari: *Tumbo lilinishika nikatoka nje karibu saa nzima. Nilirudi saa tisa na nusu, nikakaa nikihesabu mpaka kengele. Hakuna aliyegusa kete. Ikipatikana picha yoyote ya meza yetu nitaikubali.* Basi picha ndiyo hii. Kikombe kilikuwa na njia ya kuja Kitui.

Akapanguza meza, akaweka karatasi, rula, na lenzi yake ya kusomea Biblia. Kazi yenyewe ni rahisi kwa mwenye subira. Unaanza safu ya nane, upande wa weusi, ukienda kushoto kwenda kulia, kisha unashuka safu kwa safu mpaka ya kwanza. Kila kete ina herufi yake ya Kiingereza: kubwa kwa nyeupe, ndogo kwa nyeusi. Mahali patupu unaandika idadi ya miraba mitupu. Kila safu lazima ijumlike nane, na mwisho unasema ni zamu ya nani. Kwa mstari mmoja tu, mtu wa Nairobi anaweza kupanga ubao uleule mezani kwake.

Safu ya kwanza kuandikwa ilitoka *1k1rq2r*. Akajumlisha: nane. Akaendelea na ya pili, kisha akasita. Kitu hakikumkalia vizuri. Akaangalia kona ya ubao iliyokuwa mkono wa kulia wa Mbuvi. Ilikuwa mraba mweusi.

Mtoto yeyote aliyefundishwa na Mutunga anajua kwamba kona ya kulia ya kila mchezaji ni nyeupe. Je, waliuweka ubao vibaya? Mbele ya macho yake, yeye mwamuzi? Haiwezekani. Akatazama saa ya ukutani ndani ya picha. Ilisema saa tatu na dakika nane, na michezo ilianza saa nne. Ndipo akacheka peke yake. Muturi alikuwa ameigeuza filamu wakati wa kuchapa! Kulia kumekuwa kushoto, kushoto kulia.

Akaondoa kioo chake cha kunyolea ukutani na kuisimamisha picha mbele yake. Kona ikawa nyeupe. Saa ikasema saa tisa kasoro dakika nane.

Kicheko kikamwisha. Saa tisa kasoro dakika nane ndiyo ile dakika. Mkono wa Mbuvi ulikuwa umeinuka muda mfupi kabla au muda mfupi baada ya hapo. Hakutaka kulifikiria, na akaandika upya, akisoma kutoka kwenye kioo.

Safu ya nane: *r2qr1k1*. Ngome, miraba miwili mitupu, malkia, ngome, mmoja mtupu, mfalme, mmoja mtupu. Nane. Ya saba: *pp4pp*. Ya sita: *2np4*. Kwenye safu ya tano kulikuwa na kete nyeupe katikati ya ubao ambayo haikuonekana vizuri, kichwa chake kimepigwa na mwanga wa dirisha. Akaipitia juu juu kwanza, akaona farasi na malkia mweupe pembeni kulia, karibu na mfalme wa weusi. Akamaliza safu zilizobaki: *3P4*, *2P1P3*, *PP3PPP*, *R4RK1*. Kisha akarudi kwenye ile kete ya katikati. Lenzi ilionyesha bega la askofu, na mpasuko mdogo kichwani. Akaandika *3B2NQ*. Mwisho wa mstari, bila kufikiri, akaweka herufi ya zamu: *w*. Zamu ya weupe. Zamu ya Mbuvi.

Ikabaki kuukagua. Mutunga hakutuma ubao bila kuukagua, kwa kuwa macho hudanganya na ubao usiowezekana hurudishwa na barua ya dharau. Alikuwa na maswali yake. Kila upande una mfalme mmoja? Ndiyo. Wafalme wamekaribiana? Hapana. Kuna askari safu ya kwanza au ya nane? Hapana. Askari wamezidi wanane? Weupe wanane, weusi watano. Swali la mwisho: yule ambaye si zamu yake, mfalme wake yuko salama? Maana mtu hawezi kucheza kisha akamwacha mfalme wake kwenye cheki. Akifanya hivyo ameivunja sheria, na ubao wenyewe ni uwongo.

Akafuata mstari kwa ncha ya kalamu. Kutoka kwa askofu mweupe wa katikati, mshazari kuelekea kulia juu. Mraba mtupu. Mraba mtupu. Mfalme mweusi.

Alifuata tena. Kisha tena, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akijua haumo.

Mfalme wa weusi alikuwa kwenye cheki. Kama ilikuwa zamu ya weupe, basi weusi walikuwa wamecheza na kumwacha mfalme wao akishambuliwa. Haiwezekani. Ubao huo ulikuwa halali kwa njia moja tu: weupe ndio waliokuwa wametoka kucheza. Mbuvi alikuwa amemsogeza askofu, akampa Kang'ethe cheki, na zamu ilikuwa ya Kang'ethe.

Mutunga aliinuka akafunga dirisha, ingawa hakukuwa na upepo.

Akarudi kujitetea. Labda picha kugeuzwa ndiko kulikoleta hitilafu. Akaweka kioo kando, akasoma picha ilivyochapwa. Mshazari ukaelekea kushoto badala ya kulia, ukampata mfalme yuleyule. Kioo hugeuza upande, hakigeuzi shambulio. Basi labda ile kete si askofu. Kichwa hakionekani vizuri, na kete za mkebe ule zilikuwa zimechakaa. Farasi si, maana haina pua; labda ni askari tu, na askari akiwa pale katikati hawezi kumfikia mfalme aliye mbali vile. Akashika kalamu afute B aandike P.

Kisha akakumbuka kuhesabu. Askari weupe walikuwa wanane tayari, kila mmoja kwenye mstari wake, kutoka ukingo hadi ukingo. Wa tisa hakuna. Hajawahi kuwako, tangu chesi iwe chesi.

Akafungua droo akatoa barua ya Kang'ethe. *Nilirudi saa tisa na nusu, nikakaa nikihesabu mpaka kengele.* Alikuwa ameisoma mara kumi. Mtu anahesabu nini kama si zamu yake? Kang'ethe alikuwa ametoka nje kwa tumbo, si kwa desturi. Kiti chake kilikuwa wazi na zamu ilikuwa yake. Mbuvi alibaki kitini kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kuondoka bila ruhusa. Na alipofungua mdomo kusema, *lakini mwalimu*, aliinuliwa kidole.

Hatua tano. Kutoka mlangoni hadi meza ya saba hazikuzidi hatua tano. Mwamuzi alikuwa na macho na miguu, naye akatazama kiti.

Mkewe, Kasyoka, aliingia na chai akamkuta ameshika kichwa. "Ni nini?"

"Nimemwua Mbuvi," akasema.

"Wewe na maneno yako. Mto ndio ulimwua."

"Mto ulimkuta kwa sababu yangu."

Kasyoka aliketi, akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa akili, na akasema kile ambacho mtu yeyote mwenye kumpenda angesema. "Huyo mama anataka kujua kama bwanake alikuwa anashinda. Alikuwa anashinda?"

Mutunga akatazama ubao. Mfalme akikimbilia kona, malkia anachukua askari wa pembeni na mchezo umekwisha. Akikimbilia upande wa pili, malkia anaingia mbele yake na umekwisha vilevile. Kuweka ngome katikati kungechelewesha tu. "Alikuwa ameshinda," akasema. "Kang'ethe alikalia maiti."

"Basi mwambie hivyo. Ameshinda, kikombe kinakuja. Hiyo ingine ya zamu atajuaje? Yeye hajui chesi. Utamfungulia kidonda cha nini?"

Siku tatu Mutunga alizunguka na shauri hilo. Lilikuwa shauri zuri, na kila akilishika lilimchoma. Mstari aliuandika safi, zamu akaandika *b*, akautia kwenye bahasha ya Nairobi bila kuufunga. Katika karatasi hiyo hapakuwa na uwongo hata chembe. Angeweza kuituma na kubaki mwamuzi mwaminifu maisha yake yote. Hilo ndilo lililomtisha.

Jumamosi Nthenya alikuja, safari hii na Ndila, msichana wa miaka minane. Kasyoka akampeleka mtoto jikoni. Nthenya akaketi.

"Alikuwa anashinda," Mutunga akasema. "Ilikuwa imebaki kidogo tu. Hakuna mtu angemwokoa yule mwingine."

Nthenya aliitika kwa kichwa, polepole. Hakuonekana kufurahi. "Kwa hivyo ni utamu wa kushinda ulimkalisha. Nilijua tu. Mtoto anaumwa, na yeye anaona utamu." Akaanza kufunga leso yake vizuri ili ainuke. "Asante, mwalimu. Angalau nimejua."

Hapo Mutunga akaelewa kwamba akinyamaza sasa, huyu mama atakwenda nyumbani akamzike mumewe mara ya pili, na safari hii kwa chuki. Na aliyemfanya hivyo atakuwa amekaa benchi ya pili kutoka mbele.

"Kaa, Mama Ndila," akasema. "Haikuwa zamu yake."

"Unasema?"

"Alikuwa ameshacheza. Aliomba ruhusa aende na basi ya saa tisa. Alitaka kuja nyumbani. Mimi nilimwambia ni zamu yake, nikamkalisha. Sikuangalia ubao. Niliangalia kiti."

Nje kuku walikuwa wanapekua majani makavu. Nthenya akaiachia leso bila kuifunga.

"Hakubisha?"

"Alitaka kusema. Nilimnyamazisha."

"Kwa hivyo angepanda ile ya saa tisa."

"Ndiyo."

"Ile ilivuka."

"Ndiyo."

Akalia basi. Alilia kwa sauti, mikono magotini, jinsi ambavyo hakulia mazishini, na katikati ya kulia alikuwa akimwomba mtu msamaha, si Mutunga. "Alikuwa anakuja," alikuwa akisema. "Alikuwa anakuja, na mimi miezi kumi..." Kasyoka alisimama mlangoni pa jikoni, akamzuia mtoto kwa mkono.

Alipomaliza alipanguza uso kwa leso. Akaiona bahasha mezani.

"Hiyo ndiyo ya Nairobi?"

"Ndiyo."

"Umeandika hiyo maneno ndani?"

"Nimeandika ubao, na kwamba ni zamu ya weusi. Hiyo ingine haihusu kikombe."

"Andika," Nthenya akasema. "Uandike vile ulifanya, na jina lako. Na ingine kama hiyo uandikie watu wa chama, isomwe wakikutana, vile ulisema ni zamu yake mbele ya watu kwa mazishi."

Msemo upo kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mutunga alikuwa ameusema darasani mara nyingi, akiushika kwa mpini. Akavuta karatasi, akafungua kalamu ya wino mwekundu, akaandika huku mjane amesimama nyuma ya bega lake, ambaye hakujua chesi lakini kusoma alijua vizuri. Alipofika penye neno *nilidhani*, Nthenya aliweka kidole juu yake.

"Hukudhani," akasema. "Hukuangalia."

Akalikata, akaandika hivyo. Nthenya alisoma mpaka mwisho, akachukua picha ya mumewe tu, akamwita Ndila, wakaondoka bila kunywa chai.

Kikombe kilikuja Kitui Desemba. Mutunga hakuwa mwamuzi tena, wala hakuombwa. Ile desturi ya viti ilifutwa kwenye mkutano uleule iliposomwa barua yake, na aliyetoa hoja ya kuifuta alikuwa yeye mwenyewe.